Kumbukumbu za Timu za Kata: Msimu Mzima Ndani ya Simu
(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa timu za mpira wa miguu za kata)



Msimu unapokwisha, mabishano huanza: nani mfungaji bora, nani alitoa pasi za mabao, nani alikuwa akikosa mechi. Daftari limelowa mvua, na kila mtu ana hesabu yake. Simu yenye programu ya Google Sheets yaweza kumaliza ubishi huo, ilimradi jedwali lipangwe vema tangu mechi ya kwanza.

Kosa la kawaida ni kuwa na jumla moja tu kwa kila mchezaji na kuibadilisha kila wiki. Ikiharibika, hakuna awezaye kujua ilikosewa siku gani. Basi mtunza kumbukumbu aandike karatasi iitwayo Mechi, yenye safu tano: A tarehe, B jina, C mahudhurio, D mabao na E pasi za mabao. Kila mechi, kila mchezaji aliyesajiliwa apewe mstari wake. Aliyefika aandikiwe 1, asiyefika 0. Nafasi isiachwe wazi, kwa kuwa uwazi hauonyeshi kama mchezaji hakufika au mwandishi alisahau. Pasi ya bao iamuliwe na kocha palepale uwanjani, kabla kumbukumbu hazijafifia.

Karatasi ya pili iitwe Jumla. Majina yakae safu ya A, na mabao yahesabiwe kwa fomula hii katika safu ya C:

```
=SUMIF(Mechi!B:B,A2,Mechi!D:D)
```

Kwa mahudhurio, D zote mbili zigeuzwe C; kwa pasi za mabao, ziwe E. Kutegemea mpangilio wa nchi uliowekwa katika jedwali, fomula huenda ikataka nukta mkato badala ya mkato.

Tuchukue mfano. Timu imecheza mechi 8 na matokeo yanaonyesha mabao 14. Safu ya D ya Mechi ina mabao 13, na karatasi ya Jumla ina 12. Pengo la kwanza lina maana kwamba bao moja halikuandikwa kabisa. Mara nyingi ni bao ambalo mpinzani alijifunga. Hilo lipewe mstari wake, "Kujifunga", katika karatasi zote mbili. Pengo la pili hutokana na jina: Hamisi akiandikwa "Hamis", au nafasi tupu ikiachwa baada ya jina, fomula humwona kuwa mtu mwingine, na bao lake hupotea kimyakimya. Jina likisahihishwa, hesabu zote tatu husoma 14.

Ulinganisho huo ufanywe kila baada ya mechi, si mwisho wa msimu. Tarehe bado ni moja, na waliokuwapo bado wanakumbuka.