Fidia ya Alama: F Inayolipiwa na F Inayosahauliwa

Wanafunzi wawili wa kutwa kutoka Ngokolo, manispaa ya Shinyanga, wawekwe mezani kwa mfano. Kila mmoja amepata B ya Kiswahili, C tano za Uraia, Historia, Jiografia, Kiingereza na Biolojia, na F ya Hisabati. Tofauti ni moja tu: wa kwanza alifanya pia Fizikia na Kemia akapata D zote mbili, wa pili aliacha sayansi hizo akabaki na masomo saba.

Baraza la Mitihani huhesabu masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Wa kwanza ana 2 ya Kiswahili, 15 za C tano, na 4 ya D moja: jumla 21, divisheni ya pili. D ya pili na ile F havihesabiwi kabisa. Wa pili hana pa kuificha F yake. Anapata 2, 15 na 5, jumla 22, na divisheni yake ni ya tatu. Katika Hisabati wameanguka sawasawa, lakini mmoja ameilipia F na mwenzake hakutoa hata senti.

Watu wengi husema hapo kwamba masomo mazuri yamembeba yule wa kwanza. Sivyo. Hakuna kilichobebwa, somo limeachwa nje. F huanzia 0 hadi 29, na mbele ya hesabu hii aliyepata 28 na aliyepata 3 ni kitu kimoja. Fidia ya kweli huuliza mambo mawili ambayo hapa hayakuulizwa: umeanguka kwa kiasi gani, na umelipa kwa kitu gani?

Fidia ya namna hiyo ipo nchini, ila haiitwi hivyo. Imo katika uchaguzi wa kidato cha tano, ambako masomo matatu ya tahasusi hayatakiwi kuzidi jumla ya pointi 10. C mbili na D moja ni 10, anapita. C moja na D mbili ni 11, anabaki. Lakini B moja na D mbili zinarudi kuwa 10: ile B imenunua D ya pili. Biashara hii ina sakafu, kwa kuwa D huanzia 30. A mbili na F moja ni pointi 7 tu, ndani kabisa ya kikomo, na bado mwombaji hachukuliwi, maana F hairuhusiwi ndani ya tahasusi. Vijana wetu wawili wanaingia HKL kwa pointi 8 bila wasiwasi. EGM, yenye Hisabati ndani, imefungwa kwao wote, divisheni ya pili na ya tatu.

Vyuo vikuu vingi vya Uingereza na Ireland vimeandika kanuni hii waziwazi. Pale alama ya kufaulu ikiwa 40, mwenye 35 hadi 39 katika somo moja huweza kupitishwa iwapo wastani wake wa mwaka unatosha. Alama yake haipandishwi: 37 hubaki 37 kwenye hati ya matokeo, ila harudii mtihani. Sababu yake ni ya kipimo. Insha ileile ikisahihishwa na watu wawili, alama mbili tatu za tofauti ni jambo la kawaida. Kumrudisha mtu chuoni kwa sapu, kwa nauli ya kutoka Geita na kodi ya chumba, kwa tofauti ambayo msahihishaji mwingine angeifuta, ni ukali usio na ushahidi nyuma yake.

Kikomo nacho kipo. Baraza la Uhandisi la Uingereza haliruhusu fidia izidi krediti 30 katika shahada ya kwanza ya krediti 360, na alama isipungue zaidi ya asilimia 10 chini ya ile ya kufaulu. Ukanda wa dhahabu unaelewa kwa nini. Mhandisi wa mgodi asiyejua mekanika ya miamba hawezi kuilipia kwa A ya stadi za mawasiliano.

Kanuni hii huharibika kimyakimya. Ikishajulikana kwamba 35 inatosha, 35 hugeuka kuwa alama mpya ya kufaulu, na msahihishaji mwenye huruma huanza kusukuma 33 na 34. Dalili yake huonekana kwenye orodha ya alama: penye 34 pamekuwa patupu, penye 35 pamejaa watu. Mtihani hautoi umbo hilo wenyewe.

Basi seneti za vyuo vyetu ziandike fidia ya somo moja kwa mwaka, kuanzia 35, kwa wastani uliotajwa, na kila idara itaje mapema masomo yake yasiyofidiwa. Kisha kila mwaka zichapishe ni wangapi walipata 34 na wangapi 35.