Bei ya Saa Moja: Namna Fundi wa Kujitegemea Anavyokokotoa Malipo Yake

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa vijana wa Marereni wanaofanya kazi za kujitegemea



Mazungumzo ya leo ni ya bei. Si bei ya unga wala ya mafuta, bali bei ya saa moja ya mtu asiyeajiriwa: mpiga picha, mchoraji wa mabango, fundi wa kompyuta, mwandishi wa ripoti, fundi wa umeme wa nyumbani. Mtu wa namna hii akikosea bei, hakuna meneja wa kumsahihisha. Kosa lenyewe halionekani siku ya kulipwa. Huonekana miezi sita baadaye, kamera inapoharibika na mfukoni hamna kitu.

Chukueni mfano wa mpiga picha mmoja wa hapa mjini. Hesabu zake ni za mfano tu, lakini njia ya kuzipata ni ile ile kwa kila fundi, na kila mmoja ataweka tarakimu zake mwenyewe.

Kijana huyu anahitaji shilingi 30,000 kwa mwezi nyumbani: kodi ya nyumba, chakula, karo ya mdogo wake. Alipoanza, alifanya hesabu ambayo wengi huifanya. Alisema: aliyeajiriwa hufanya kazi kama saa 160 kwa mwezi, na 30,000 ukiigawa kwa 160 ni kama shilingi 188. Akaona akitoza 200 kwa saa atakuwa juu kidogo ya mwajiriwa. Hesabu hiyo inavutia, lakini imeacha mambo matatu: vifaa, saa zisizolipwa na miezi mikavu.

Tuanze na vifaa. Mwajiriwa hukuta kompyuta mezani, naye mpiga picha hununua yake. Kamera na lenzi mbili zilimgharimu 120,000, na anatarajia zimtumikie miaka 4. Maana yake kila mwaka anakula 30,000 ya kamera, hata kama hatoi shilingi siku hiyo. Kompyuta ya 60,000 itadumu miaka 3, nayo ni 20,000 kwa mwaka. Betri, kadi za kumbukumbu na diski za kuhifadhia picha ni 15,000. Matengenezo ni 10,000, na hapa Marereni hayaepukiki. Upepo wa bahari hubeba chumvi, nayo chumvi hula vyuma na viungo vya umeme. Unyevu nao huotesha ukungu ndani ya lenzi. Dalili yake ni picha kuonekana kana kwamba zimepigwa kupitia pazia jembamba, hata baada ya kioo kufutwa. Bando za intaneti, simu na umeme ni 30,000 kwa mwaka, na kibali cha biashara pamoja na gharama nyingine ndogo ni 15,000. Jumla yake ni shilingi 120,000.

Nyumbani anahitaji 360,000 kwa mwaka. Ukiongeza 120,000 za kazi, unapata 480,000. Kisha kuna fungu ambalo watu hulisahau: kodi ya mapato, mchango wa bima ya afya ya SHA, na wateja wasiomaliza kulipa. Mchango wa SHA kwa asiyeajiriwa hutegemea tathmini ya mapato ya kaya, kwa asilimia 2.75, na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Kwa hayo yote ametenga 60,000. Sasa anahitaji kuingiza 540,000 kwa mwaka.

Swali linalofuata ni gumu zaidi: ana saa ngapi za kuuza?

Mwaka una wiki 52. Toa wiki 4 za kuugua, kuhudhuria matanga na kupumzika. Halafu kuna wiki za ukavu. Mji huu hutegemea chumvi kwa sehemu kubwa, na chumvi hutegemea jua. Maji ya bahari huachwa kwenye mabwawa mpaka yakauke. Masika yakianza, mvua hurudisha maji matamu mle ndani na uvunaji husimama. Vibarua wakikosa siku za kazi, harusi huahirishwa na picha za familia hungoja. Katika mwezi wa Ramadhani pia harusi hupungua sana. Mwezi huo husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hivyo kalenda ya mwaka uliopita haifai kunakiliwa. Mwaka mmoja Ramadhani na masika hufuatana, na mwaka mwingine huachana. Kijana wetu aliangalia daftari lake na kuona wiki 12 ambazo karibu hakuna kazi. Zinabaki wiki 36.

Katika kila wiki kati ya hizo, anafanya kazi saa 40. Lakini si zote zinazolipwa. Kwa wiki 8 aliandika kila siku alichofanya na muda uliotumika. Aligundua kuwa saa 15 kwa wiki zinakwenda kwenye mambo ambayo hakuna mteja anayeyaona: kujibu ujumbe wa watu wanaouliza bei, kwenda Gongoni kukutana na mteja ambaye hatimaye haji, kuandika ankara, kufuata deni, kunakili picha kwenye diski, kufanya hesabu za M-Pesa. Saa za kuuza zinabaki 25 kwa wiki. Mara wiki 36, ni saa 900 kwa mwaka.

Sasa gawanya: 540,000 kwa 900 ni shilingi 600 kwa saa.

Kutoka 200 hadi 600 si tamaa. Angalieni kinachotokea akibaki na 200. Saa 900 zitamletea 180,000. Akitoa gharama za kazi za 120,000, anabaki na 60,000, yaani shilingi 5,000 kwa mwezi za kulisha nyumba, na hapo hajalipa kodi wala bima. Kwa kawaida mtu wa hali hii haoni kwamba anapata hasara, kwa sababu pesa ya kamera mpya haidaiwi leo. Anakula kamera yake polepole.

Mteja wa harusi hataki kusikia habari ya saa. Anataka bei moja. Kwa hivyo bei ya saa hubaki kwenye daftari la fundi, na mteja hupewa bei ya kazi nzima. Kijana wetu alikuwa akitoza 8,000 kwa harusi. Alipohesabu, alikuta anasimama harusini kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa moja usiku, ambazo ni saa 10. Kuchagua picha ni saa 4, kuzisafisha ni saa 8, na kukata video fupi ni saa 6. Jumla ni saa 28. Bei ya kweli ni 16,800, mbali na nauli, msaidizi na uchapishaji wa albamu, ambavyo huandikwa kando. Kwa 8,000 alikuwa akilipwa chini ya shilingi 290 kwa saa.

Hapo ndipo mama wa bibi harusi husema, "Mwanangu, siku moja tu, elfu kumi na sita?"

Mama huyo hana kosa. Ameona siku moja, kwa sababu siku nyingine mbili hufanyika chumbani usiku. Jibu zuri ni kumwonyesha kazi, si kulalamika: "Mama, siku ya harusi ni saa kumi. Baada ya hapo kuna saa kumi na nane za kuchagua na kusafisha picha na kutengeneza video. Bajeti yako ni ngapi nikupangie?"

Akisema ana 8,000, fundi hapunguzi bei ya saa. Anapunguza kazi. Anakuja saa 6 badala ya 10, anachagua kwa saa 2, anasafisha picha chache kwa saa 4, na hakuna video. Hizo ni saa 12, yaani 7,200, na nauli inaingia ndani ya zilizobaki. Mama amepata picha kwa pesa aliyo nayo, na fundi hajajiumiza. Jambo la muhimu ni kuyaandika haya kabla ya siku yenyewe: saa ngapi, picha ngapi, zinafika lini, na nyongeza ni kiasi gani sherehe ikirefuka. Bila maandishi, kazi ya saa 12 hurudi kuwa ya 28 kwa bei ile ile. Nusu ya malipo ichukuliwe kama arbuni, kwa sababu deni linalofuatwa kwa wiki tatu nalo lina saa zake.

Limebaki jambo moja, nalo huangusha hata waliohesabu vizuri. Katika wiki nzuri kijana huyu huingiza saa 25 mara 600, yaani 15,000. Anaweza kudhani zote ni za wiki hiyo. Lakini mahitaji yake ya 540,000 yakigawanywa kwa wiki 52 ni kama 10,400. Kwa hivyo shilingi 4,600 katika kila 15,000 ni za zile wiki 16 asizofanya kazi. Bei yake imekwisha kuibeba miezi mikavu, lakini pesa hiyo itafika masika iwapo tu itawekwa mahali pasipofikiwa upesi: chama, sako, au akiba ya kufungwa ya simu. Na 2,500 za kila mwezi za kamera ziwe na fungu lake, zisichanganywe na unga.

Hesabu hii ina mipaka. Inaonyesha bei ambayo chini yake unajiumiza; haimlazimishi mteja kukubali. Kila mtu akikubali bei yako bila kuuliza lolote, huenda iko chini. Wote wakikataa, tazama mambo matatu kabla ya kushusha bei: je, kifaa cha gharama kubwa chaweza kumilikiwa na watu wawili? Je, saa 15 zisizolipwa zaweza kuwa 10, kwa kutuma orodha ya bei iliyoandikwa badala ya kusafiri? Je, kuna mteja mwingine, kama vile shule, kampuni au mradi, mwenye kazi wakati harusi hazipo? Wiki 4 tu za masika zikipata kazi ya kawaida, saa za kuuza zinakuwa 1,000, na bei inaweza kushuka hadi 540 bila nyumba kutikisika.

Mwenye kutaka kuanza leo anahitaji daftari la shule na kalamu. Kwa wiki 8, kila jioni, aandike saa zilizolipwa upande mmoja na zisizolipwa upande wa pili. Asibadilishe bei yoyote kabla daftari hilo halijajibu.