Dola 20 za Siku 20

Mama mwenye duka la mabati hapa Munigi, chukua fakture yako. Deni ni dola 1,000 kwa siku 30, na chini pameandikwa: ukilipa ndani ya siku 10, unapunguziwa asilimia 2. Basi siku ya 10 unatoa 980. Kama pesa hiyo ingelala tu ndani ya sanduku, lipa.

Lakini kama huna, ukope? Benki za Goma zilifunga milango Januari 2025, kwa hiyo tuseme unakopa kwa mtu, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Unahitaji 980 kwa siku 20 tu, toka siku ya 10 hadi ya 30. Zidisha 980 kwa 0.05, kisha kwa 20, gawa kwa 30: karibu dola 33. Utalipa 33 ili uokoe 20: hasara ya 13. Na mkopeshaji akidai riba ya mwezi mzima, utalipa 49.

Riba ikiwa asilimia 2, unalipa 13, unabaki na 7. Muulize kwanza mkopeshaji: anahesabu siku au mwezi?