Funika Emoji, Soma Neno



Mwanao wa darasa la kwanza akisoma hadithi kwenye simu, hukutana na emoji, zile sura ndogo za kucheka au kununa. Zinamsaidia kuhakikisha maana. Kusoma neno ni kazi yake mwenyewe.

Lakini sisi walimu tunaona darasani jinsi emoji inavyomfanya mtoto abahatishe. Sentensi inasema: "Asha anacheka." Pembeni kuna sura inayocheka mpaka machozi. Mtoto anasoma "ana", anaona machozi, anamalizia: "analia." Amebahatisha. Na usiposikiliza vizuri, utadhani amesoma.

Kwa hiyo, funika emoji kwa kidole. Mwache aunganishe silabi: a, na, che, ka. Akikwama kwenye "che", mtamkie hiyo tu, kisha arudie neno zima. Sasa ondoa kidole. Muulize: sura hii inalingana na ulichosoma? Kwa nini ina machozi?

Kitabu cha picha nacho ni hivyo hivyo. Kabla ya hadithi, azitazame picha atakavyo, zitamwandaa. Wakati wa kusoma sentensi, neno kwanza, picha baadaye. Jioni hii, sentensi tatu zinatosha.