Taa ya Jua Inunuliwayo Mtandaoni: Hesabu Kabla ya Kulipa



Msimu wa kahawa hapa Nyamahanga upimaji huendelea hata baada ya jua kuchwa, na ghala lisilo na taa hukaribisha ugomvi wa mizani. Basi ichukuliwe kwamba katibu wa chama ameona mtandaoni taa iliyotangazwa hivi: wati 200, huwaka saa 12, betri LiFePO4 3.2V 10000mAh, paneli ya sentimita 20 kwa 15. Fedha zitakazolipwa ni za wanachama. Yafaa tangazo lisomwe kwa kalamu mkononi.

Kwanza betri. Idadi ya mAh peke yake haisemi kitu mpaka izidishwe kwa volti, kisha igawanywe kwa 1000. Hapa 10,000 mara 3.2 ni 32,000. Hupatikana saa-wati 32. Hiyo ndiyo akiba yote iliyomo. Taa ya wati 200 ingeimaliza kabla ya dakika 10! Ili iwake saa 12, 32 igawanywe kwa 12, haizidi wati 3. Kwa hiyo hiyo "200" ni pambo la muuzaji. Wati 3 za taa nzuri hutoa mwanga wa lumeni 300 hivi: mizani itasomeka, lakini uwanja wa kuanikia utabaki gizani.

Pili paneli, na hapa ndipo wengi hunaswa, kwa kuwa picha haionyeshi ukubwa. Paneli njema, jua likiwa kali, hutoa wati 2 hivi kwa kila mraba wa sentimita 10 kwa 10. Hii ina miraba mitatu, yaani wati 6. Kwa siku yenye jua kamili la saa 4, hukusanya saa-wati 24 kabla ya upotevu wa njiani. Betri ya 32 haijai. Wakati wa masika itakuwa pungufu zaidi, na taa itazimika usiku wa manane, wala betri haina kosa.

Aina ya betri nayo itazamwe. LiFePO4, yenye volti 3.2, huvumilia kujazwa na kutumiwa mara nyingi kuliko ile ya lithiamu ya volti 3.7. Lakini tangazo likiandika 18650, ile betri ya duara ndogo, pamoja na 9900mAh, liachwe: betri halisi ya umbo hilo haifikii hata nusu ya kiasi hicho.

Muuzaji aulizwe kwa maandishi vipimo vya paneli, saa-wati za betri, na lumeni. Akikwepa, orodha ya VeraSol huonyesha mitambo midogo iliyopimwa maabara. Jina na namba ya modeli vilingane barabara na vya tangazo.