Andika uvumi vizuri kwanza, ndipo uukosoe

Leo tuongelee kuandika makala ya kusahihisha uvumi, na tuchukue mfano mmoja tu: chanjo ya pepopunda, 2014. Maaskofu Katoliki hapa Kenya walisema chanjo hiyo ina hCG, ile homoni ya mimba, na kwamba itawafanya wanawake wasizae.

Wengi wetu tungeanza hivi: "Kuna watu wajinga wanadai..." Hapo msomaji unayemtaka ashaondoka. Yule mama aliyeogopa hakuwa mjinga, alikuwa na sababu. Kwa hivyo andika sababu zake zote, hata zile zinazokuuma:

"Walichanjwa wanawake wa umri wa kuzaa peke yao, wanaume wakaachwa, ilhali hata mwanamume hupata pepopunda. Dozi zilirudiwa mara kadhaa. Na kweli, watafiti India waliwahi kutengeneza chanjo ya kuzuia mimba kwa kuunganisha hCG na chanjo ya pepopunda, na matokeo yakachapishwa 1994."

Hilo la India usilifiche. Ukilificha, msomaji atalipata kwingine, na hatakuamini tena hata kwa mengine. Kisha msomee mtu anayeamini uvumi huo, umuulize: "Ni hivi unavyosema?" Akisema bado, rudi uandike tena.

Sasa jibu kila sababu kwa zamu yake. Kwa nini wanawake? Mtoto mchanga huambukizwa kupitia kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu, na kinga yake hutoka kwa mama kabla hajazaliwa. Kwa nini kurudia? Dozi moja haitoshi. Ratiba ya Shirika la Afya Duniani kwa mwanamke ambaye hajawahi kuchanjwa ina dozi 5, ili kinga idumu miaka yake ya kuzaa. Na India? Ile ilikuwa bidhaa nyingine ya utafiti. Kuwepo kwake kunaonyesha jambo hilo linawezekana, hakuonyeshi kwamba ndilo lililofanyika Kenya.

Tukae kidogo kwenye vipimo, maana hapo ndipo ubishi ulipo. Baadhi ya majibu yaliyotangazwa yalitoka kwa mashine na vifaa vya kupima sampuli za binadamu. Chanjo si damu. Ina chumvi za alumini na dawa ya kuizuia isiharibike, na vitu kama hivyo vyaweza kuvuruga kipimo kikatoa namba ya uongo. Kwa hivyo ukiletewa karatasi ya maabara, uliza: je, walipima pia chanjo nyingine inayojulikana haina homoni, kwa kifaa kile kile? Kama nayo ilitoa namba, basi namba hiyo haikuambii kitu. Kama hawakuipima, andika hivyo, usiongeze chumvi.

Na kichwa cha habari kibebe ukweli, si uvumi. Wengi husoma hapo tu, halafu wanashea.