Mashine Inahesabu Mauzo, Haihesabu Faida

(Maneno niliyozungumza na vijana wafanyabiashara, Isongole)

Nimeombwa niseme kuhusu risiti za EFD, na najua wengi mmekuja kusikia nikiitukana mashine. Sitaitukana. Mashine yenyewe haina kosa, inafanya ilichoambiwa. Shida iko kwenye hesabu inayofuata baada yake, na hapo ndipo nataka tukae leo.

Mashine hizi zilianza 2010 kwa waliosajiliwa VAT, kisha 2013 zikawafuata wafanyabiashara wa kawaida. Siku hizi mauzo yako yakifika milioni 11 kwa mwaka unatakiwa kuwa nayo. Milioni 11 ni kama elfu 30 kwa siku, jamani. Karibu kila duka la jumla hapa mpakani limo, hata kama VAT haikuhusu kabisa.

Kila ukiuza, unaingiza bidhaa na bei, risiti inatoka ina TIN yako, tarehe, saa, namba ya kuhakiki na ile alama ya QR. Mauzo yanabaki kwenye kumbukumbu ya mashine na yanatumwa TRA kwa laini ya simu. Mtandao ukikata, na huku kwetu unakata, risiti inatoka vilevile na taarifa inatumwa baadaye. Kwa hiyo "hakuna mtandao" siyo sababu ya kumnyima mteja risiti. Jioni unatoa ripoti ya Z, siku inafungwa.

Sasa sikilizeni. Mjomba wangu ana duka la sukari na saruji, nilimsaidia kaunta miaka miwili. Tuseme anauza milioni 90 kwa mwaka. Mzigo wenyewe ameununua milioni 84. Pango, umeme na gari la kutoka Tunduma, milioni 3. Kilichobaki mfukoni ni milioni 3.

Kwa mfumo wa makadirio, mwenye mauzo ya milioni 11 hadi 100 anayetunza kumbukumbu analipa asilimia 3.5 ya mauzo. Ya mauzo, siyo ya faida. Asilimia 3.5 ya milioni 90 ni 3,150,000. Yaani kodi imezidi faida kwa laki moja na nusu! Muuza nguo anayepata nusu kwa nusu haumii sana. Muuza sukari anakufa. Halafu tunashangaa kwa nini watu wanaandika risiti ya elfu 40 kwa mzigo wa laki 4, na kwa nini Kariakoo walifunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024.

Lakini kuna mlango ambao wengi hawaambiwi. Sheria ya Kodi ya Mapato inamruhusu mtu binafsi kuchagua kutoka kwenye makadirio na kulipa kwa faida. Ukitoka, unaandaa hesabu na ritani ya mwaka. Faida isiyozidi 3,240,000 kwa mwaka haitozwi kitu. Mjomba mwenye faida ya milioni 3 angelipa sifuri.

Ila mlango huo una kufuli, na ufunguo wake ni risiti za manunuzi. Yule muuzaji wa jumla aliyekuwa akituuzia alikuwa anauliza, "Unataka na risiti au bila?" Bila ilikuwa nafuu kidogo, nasi tukaona tumepata. Tulijidanganya. Sema risiti za mjomba zinaonyesha milioni 70 tu badala ya 84. Kwenye karatasi faida yake inakuwa milioni 17, na kodi yake inapita milioni 3. Tumerudi kulekule tulikotoka, kwa sababu ya punguzo dogo tulilopewa kwenye mfuko wa saruji.

Kwa hiyo ukinunua, kabla mzigo haujapanda gari, angalia vitu vitatu: kiasi, tarehe, na TIN yako kama mnunuzi. Piga QR kwa simu. Ikifunguka kwenye verify.tra.go.tz na kiasi kinalingana, nzuri. Isipofunguka, inawezekana haijatumwa bado, jaribu tena kesho. Siku zikipita bado haipo, mrudie aliyekuuzia. Na ukiona muda ulioandikwa ni wa asubuhi wakati wewe umenunua saa kumi jioni, hiyo ni risiti ya mtu mwingine, umepewa wewe.

Tunachodai kama vijana ni kwamba viwango vya makadirio vitofautishe biashara ya faida nyembamba na nyingine. Wakati tunadai, tusijinyonge wenyewe.

La mwisho, dogo lakini limemuumiza mjomba: karatasi ya EFD inafutika. Inaogopa joto, na ukiibandika ukutani dukani, baada ya miezi inabaki nyeupe. Ipige picha au itoe kopi siku hiyohiyo. Mjomba alikuwa na kasha zima la biskuti limejaa risiti, tukalifungua, nusu hazisomeki.